Soma goti la paneli, usiishie kwenye Voc na Isc

Fundi mwenzangu unayeanza kazi ya sola, vipimo viwili utakavyofundishwa kwanza ni volti za paneli ikiwa haina mzigo, yaani Voc, na ampea zake waya mbili zikigusanishwa kupitia mita, yaani Isc. Ni vipimo vizuri na ni vya haraka. Tatizo ni kwamba mafundi wengi hapa Dar es Salaam huishia hapo, wakamwambia mwenye nyumba paneli ni nzima. Kwenye Voc volti zipo lakini ampea ni sifuri. Kwenye Isc ampea zipo lakini volti ni sifuri. Wati ni volti mara ampea, kwa hiyo umeipima paneli mahali pawili ambapo haifanyi kazi yoyote.

Kazi inafanyika katikati. Ukichora volti kwa mlalo na ampea kwa wima, mstari wa paneli nzima huanzia kwenye Isc na kwenda karibu sawasawa: unaongeza volti, ampea hazipungui. Ghafla mstari unapinda na kuporomoka hadi kwenye Voc. Pale unapopinda ndipo tunaita goti. Sasa kila nukta zidisha volti kwa ampea, uchore mstari wa pili, wa wati. Utaanzia sifuri, utapanda taratibu, utafika kilele juu ya goti, kisha utashuka kwa kasi. Kilele hicho ndicho lebo ya paneli inachokiita Pmax, na chaji kontrola ya MPPT kazi yake ni kukitafuta kilele hicho mchana kutwa.

Chukua paneli ya wati 100 ambayo lebo yake inasema Voc 22.0, Isc 6.0, Vmp 18.0 na Imp 5.56, mbili za mwisho zikiwa volti na ampea za pale kwenye kilele. Namba hizo zimepimwa kwa jua la wati 1,000 kwa kila mita ya mraba na seli zikiwa na joto la nyuzi 25. Juu ya bati la Dar mchana, seli hufika nyuzi 55 na zaidi. Kwa hiyo usitarajie wati 100, piga hesabu ya siku hiyo. Jua unalisoma kwenye Isc yenyewe, kwa kuwa ampea hupanda na kushuka sambamba na jua: ukipata 5.4 badala ya 6.0, jua ni asilimia 90. Joto linakula takriban asilimia 0.4 ya wati kwa kila nyuzi moja juu ya 25, nyuzi 30 za ziada ni asilimia 12. Wati 100 mara 0.9 mara 0.88 ni wati 79. Voc nayo hupungua kama asilimia 0.3 kwa kila nyuzi, kwa hiyo itasoma karibu volti 20. Ukiona volti 20 kwenye paneli ya 22, hilo ni joto tu.

Kuchora mstari huo hakuhitaji mashine ya bei. Nunua koili ya jiko la umeme ya wati 1,000. Ukiipima kutoka ncha hadi ncha ina omu 53 hivi, na kilele cha paneli hii kinaangukia karibu omu 3, yaani kwenye sehemu ndogo sana ya koili. Ilaze juu ya tofali, funga waya mmoja wa paneli kwenye ncha, mwingine upitishe kwenye mita ya ampea kisha uishie kwenye klipu unayoihamisha kando ya koili. Mita ya pili isome volti. Kila unapohamisha klipu, fungua mzunguko kwanza, na shika kwa plaizi yenye mpira, maana sehemu inayobeba ampea 5 inaweza kuwa nyekundu. Nukta nane au kumi zinatosha, ukizikusanya kwa wingi karibu na goti. Pima Isc mwanzoni na mwishoni. Zikitofautiana, wingu limepita, na vipimo vile vya katikati usivitumie.

Kuna nyumba moja Kigamboni ambako betri ilikuwa haijai, ingawa paneli ilikuwa ya aina hii hii na Voc ilisoma 20.0, Isc 5.4. Kwa vipimo viwili vile, haina kosa. Nukta za koili zilisema jambo jingine. Kwenye ampea 5.2 tulipata volti 11.4, kwenye 5.0 tukapata 12.8, kwenye 4.5 zikawa 14.1, na kwenye 4.0 zikawa 15.0. Zidisha: wati 59, 64, 63 na 60. Kilele ni wati 64 badala ya 79, na goti limesogea kushoto. Zaidi ya hapo, ule mporomoko wa upande wa Voc ulikuwa umelala, umekuwa mteremko. Mteremko wa namna hiyo ni alama ya ukinzani ulioingia njiani: kadiri ampea zinavyoongezeka ndivyo unavyokula volti nyingi. Bila mzigo hakuna ampea, kwa hiyo hauli kitu na Voc inabaki ileile. Na kwenye Isc, paneli ina volti nyingi za akiba ya kuusukuma mkondo, kwa hiyo nayo haibadiliki. Ndiyo maana ncha zote mbili zilinyamaza.

Kuutafuta ni rahisi ukishajua upo. Mzigo ukiwa umefungwa kwenye ampea 5.0, tulipima volti ndani ya boksi la nyuma ya paneli tukapata 15.8, kisha mwisho wa waya tukapata 12.8. Volti 3 zimepotelea njiani, na 3 gawa kwa 5 ni omu 0.6. Waya wa shaba wa mita 10, milimita 4 za mraba, kwenda na kurudi haupaswi kula hata nusu volti. Zilizobaki zilikuwa kwenye konekta moja iliyoliwa na chumvi ya bahari, na wati kama 13 zilikuwa zinaungua humo. Plastiki yake ilikuwa imeanza kulainika. Tulibadilisha konekta zote mbili, tukachora upya: ampea 5.0, volti 15.4 mwisho wa waya, wati 77.

Ukizoea umbo hili utaanza kutofautisha na mengine. Vumbi likisambaa sawa juu ya kioo, mstari mzima unashuka lakini goti linabaki karibu palepale. Joto linavuta goti kushoto, ila Voc nayo inavutwa. Kivuli cha mnazi kikilala upande mmoja, mstari unapata ngazi na magoti mawili, na mstari wa wati unakuwa na vilele viwili. Hapo baadhi ya kontrola hung'ang'ania kilele kifupi.

Njia hii ya koili ni ya paneli moja ndogo, ya volti ishirini na kidogo. Paneli zilizofungwa kwa mfululizo hadi volti mamia usizisogelee na klipu: umeme wa aina hiyo ukikatwa huvuta cheche isiyozimika, inayoyeyusha shaba na kuunguza mkono. Huko tumia mashine maalumu ya kuchora mstari huu, au zifungue upime moja moja.