Kikomo kabla ya epsiloni na delta

"Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaganda nikiandika epsiloni na delta. Nianzie wapi?"

Mwalimu, anza na mchezo wa kudaiana. Andika (3x² − 3x)/(x − 1). Kwenye x = 1 haina thamani, kwingineko kote ni 3x tu, kwa hiyo wataotea kikomo ni 3. Sasa wabane: nataka jibu lipishane na 3 kwa chini ya 0.03, x iwe karibu na 1 kiasi gani? Ndani ya 0.01. Dai 0.003, watajibu 0.001. Mmoja atachoka aseme, "Si unagawa kwa 3 tu!" Hiyo ndiyo delta, herufi zije baadaye.

Jedwali la thamani pekee usiliamini: sin(π/x) kwenye 0.1, 0.01 na 0.001 hutoa sifuri tupu, ilhali karibu na 0 inayumba kati ya −1 na 1 bila kutulia.