98500000 ni stesheni gani, na 612 iko wapi kwenye redio?

"Programu ya redio kwenye kompyuta inaniandikia 98500000. Ni stesheni gani hiyo? Halafu nina karatasi imeandikwa 612 kHz, lakini redio yangu ya mshale inaanzia 53 na kuishia 160. Nitafute wapi?"

Ndugu yangu, hiyo ya kompyuta ni 98.5 FM. Programu imeandika kwa hezi, ilhali redio ya FM huandika kwa megahezi.

Wengi hukwama hapa kwa sababu waliambiwa "futa sufuri sita". Hebu zihesabu hizo zako: ziko tano tu! Usifute sufuri, sogeza nukta. Anzia mwisho kulia, kata tarakimu tatu tatu: 98 500 000. Ukirudi nyuma tarakimu tatu unapata kilohezi 98,500. Ukirudi tatu nyingine, nukta inaangukia baada ya 98, nawe una megahezi 98.5. Jipime hivi: FM huwa kati ya 87.5 na 108, kwa hiyo ukipata 985 au 9.85 ujue nukta imekosea njia.

Hiyo 612 ni ya masafa ya kati, yaani AM. Itafute kwenye swichi ya MW. Chungulia pembeni mwa zile namba za mshale, utaona maandishi madogo sana: ×10 kHz. Nafasi ni finyu, kwa hiyo 53 inasimamia 530 na 160 inasimamia 1600. Gawa 612 kwa kumi, unapata 61.2. Mshale ukae mbele kidogo tu ya 60. Ukitaka kuiweka kwenye kompyuta, andika 612000 kama kisanduku kinataka hezi, au 0.612 kama kinataka megahezi. Ukiandika 612 kwenye kisanduku cha megahezi utatua kwenye masafa ya televisheni.

Mimi natengeneza redio hapa Kibuye, Kisumu. Mzee mmoja wa Ahero aliniletea redio ya tarakimu akilalamika kuwa stesheni yake ya 612 inakwaruza. Nilifungua, nikapima, nikapoteza asubuhi nzima, kumbe redio haina ugonjwa. Nilipobonyeza kitufe cha kutafutia nikaona inaruka 600, 610, 620. Ilikuwa imepangwa kwa hatua ya kilohezi 10 kama ya Marekani. Kwetu Afrika hatua ni 9, kuanzia 531: 540, 549, 558, mpaka 612. Toa 531 kwenye 612, unabaki na 81, ambayo inagawanyika kwa 9 bila baki. Kwa hiyo redio ya mzee ilisimama 610, hezi 2,000 kando ya stesheni, na ndiyo maana sauti ilitoka lakini imekwaruza. Nyuma ya redio palikuwa na swichi ndogo ya 9/10. Niliisukuma upande wa 9, nikatafuta upya, 612 ikasimama wazi.