Kutenganisha matokeo na mjadala: insha ya Kiswahili inapokwenda kwenye jarida la Kiingereza

Swali: Mwalimu, insha yangu ya uzamili niliiandika kwa Kiswahili, kuhusu makosa ya upatanisho wa kisarufi ya wanafunzi wa sekondari wanaozungumza Kiganda. Ina sura tano, maneno 11,000. Niliifasiri nikaituma kwa jarida la Kiingereza, mhariri akairudisha wiki hiyo hiyo akisema matokeo na mjadala vimechanganyika. Alipigia mstari sentensi hii: "Wanafunzi 38 kati ya 60 waliandika *mbwa inauma* kwa sababu Kiganda husema *embwa eruma*, jambo linalothibitisha athari ya lugha ya kwanza, hivyo walimu wafundishe ngeli mapema." Kosa liko wapi, na nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye sentensi hiyo hiyo, maana imebeba mambo manne kwa mpigo: ulichokiona (38 kati ya 60), sababu unayoidhania (Kiganda), madai ya kinadharia (athari ya lugha ya kwanza) na pendekezo kwa walimu. Katika sura ya nne ya insha zetu, ile ya uwasilishaji na uchambuzi wa data, huo ndio utaratibu: unachukua lengo la kwanza, unatoa data, unaeleza, unahitimisha, kisha unahamia lengo la pili. Msimamizi hukusifu kwa kufanya hivyo. Msomaji wa jarida la Kiingereza la isimu matumizi anasoma kwa namna nyingine. Anataka kwanza aione data peke yake ili aweze kukubali hesabu zako huku akikataa maelezo yako. Ukivichanganya, unamnyima nafasi hiyo, naye huhisi unamsukuma.

Mifupa ya makala, kama utakavyoichapa, ni hii:

```
Abstract
1 Introduction
2 Methods
3 Results
4 Discussion
5 Conclusion
```

Kabla ya kugusa chochote, fungua makala tatu za karibuni za jarida lenyewe. Yapo majarida ya isimu yanayounganisha sehemu ya 3 na ya 4, na ya fasihi mara nyingi hayatumii mpangilio huu kabisa. Kwa kuwa mhariri wako amelalamikia mchanganyiko, jarida lake ni la kutenganisha.

Sasa iweke tafsiri kando, urudi kwenye nakala ya Kiswahili. Kupanga upya hufanywa katika lugha uliyofikiria nayo. Ukipanga huku unafasiri, utalinda sentensi nzuri badala ya kuihamisha. Nakili sura ya nne kwenye faili jipya, kisha uipake rangi mbili tu: moja kwa kilichoonekana au kuhesabiwa, nyingine kwa kila kinachoeleza, kulinganisha au kushauri. Tumia Ctrl+F kutafuta "kwa sababu", "hii inaonyesha", "inathibitisha", "huenda" na "hivyo". Karibu kila yanapotokea, maneno hayo ndiyo mpaka wa rangi. Rangi ya kwanza inabaki kuwa Matokeo, ya pili inahamia Mjadala.

Sentensi yako ikikatwa, upande wa Matokeo unasomeka hivi: "Wanafunzi 38 kati ya 60 (asilimia 63) walitumia kiambishi i- badala ya a- angalau mara moja, pale kiima kilipokuwa jina la mnyama." Hapo hapo upungufu uliokuwa umefichwa na maelezo unajitokeza. Je, kila mmoja alikosea mara moja au mara kumi? Alikuwa na nafasi ngapi za kukosea? Rudi kwenye karatasi zao, hesabu vitenzi vyote vyenye kiima cha mnyama, kisha useme vingapi kati ya hivyo vilikuwa na kosa. Bila hesabu hiyo mpitiaji atakurudisha tena.

Mfano wenyewe usiufasiri na kuutupa. Msomaji asiyejua Kiswahili hawezi kuliona kosa ndani ya tafsiri, kwa hiyo mpe mistari mitatu kwa utaratibu wa Kanuni za Leipzig, zinazotumiwa na wanaisimu kufafanua mifano neno kwa neno, vistari vya mstari wa kwanza vikilingana na vya mstari wa pili:

```
*Mbwa  i-na-um-a
 dog   SM9-PRS-bite-FV
 'The dog is biting.'
```

SM9 ni kiambishi cha kiima cha ngeli ya 9, PRS ni wakati uliopo, FV ni irabu ya mwisho. Mstari huo wa pili ndio unaomwonyesha kwamba kitenzi kimefuata ngeli ya 9, ilhali Kiswahili sanifu hutaka majina ya watu na wanyama yachukue a- na wa-: *mbwa anauma*. Chini yake weka sentensi ya Kiganda kwa mtindo huo huo. Ifafanue tu, usiseme bado kwamba ndiyo chanzo.

Mjadala ndiko kwenye kazi kubwa, na ndiko insha nyingi hupwaya, kwa kuwa sababu moja ilishatajwa mapema na mwandishi haoni cha kuongeza. Neno "inathibitisha" liondoe. Kiganda kweli huipa *embwa* upatanisho wa ngeli yake, kwa hiyo dai lako lina mashiko. Lakini yapo maelezo mengine mawili ambayo mpitiaji makini atayauliza. La kwanza, Kiswahili kinachosikika mitaani kwetu, Kampala na kwingineko, husema *ng'ombe inakula* hata midomoni mwa wasiojua Kiganda, hivyo huenda mwanafunzi ameiga alichosikia. La pili, Kiswahili sanifu chenyewe kina *rafiki yangu* na *baba yangu*, ambapo jina la mtu huchukua kimilikishi cha ngeli ya 9, na mwanafunzi anaweza kuusambaza mtindo huo hadi kwenye vitenzi.

Kinachoweza kuyatenga maelezo haya ni kundi la kulinganisha, kwa mfano wanafunzi wanaozungumza Kiacholi, lugha isiyo na ngeli za Kibantu. Wakikosea vivyo hivyo na kwa kiwango kile kile, Kiganda pekee hakitoshi kuwa sababu. Kama huna kundi hilo, liseme wazi mwishoni mwa Mjadala. Hapo ndipo "mipaka ya utafiti" ya sura ya kwanza inapohamia, na hapo inafanya kazi halisi.

Sehemu nyingine hazikusumbui sana. Usuli, tamko la tatizo na mapitio ya kazi tangulizi vinayeyushwa kuwa Utangulizi mmoja wa maneno kama 1,000: nini kinajulikana, pengo liko wapi, makala yanajibu swali gani. Mapitio yanayotaja mwandishi mmoja kila aya huwa ndiyo ya kwanza kupunguzwa. Panga kwa hoja, waandishi watatu waingie aya moja. Nadharia ya Uchanganuzi Makosa inatosha aya moja humo humo, kisha uirejee kwenye Mjadala. "Umuhimu wa utafiti" ni sentensi moja. Pendekezo kwa walimu linakwenda kwenye Hitimisho, likiwa limepunguzwa nguvu kulingana na ulichoweza kuonyesha.

Kwenye Mbinu, chunguza nyakati. Insha nyingi hubaki na "utafiti huu utatumia" kutoka kwenye pendekezo la awali, na tafsiri huibeba hivyo hivyo. Kila kitu kiwe wakati uliopita. Taja namba ya kibali cha kamati ya maadili na ya usajili wa UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda, na kama wanafunzi walikuwa chini ya miaka 18, eleza ridhaa ya wazazi pamoja na ya watoto wenyewe.

Ikisiri iandike mwisho kabisa, kwa Kiingereza moja kwa moja, bila kufasiri ile ya insha: ya insha huorodhesha malengo, hii hutoa majibu. Kila namba iliyomo uitafute kwenye Matokeo. Usipoikuta huko, ifute.