Kupanga somo la takwimu kwa darasa la watoto 54

Mwalimu mwenzangu uliyekabidhiwa Hisabati ya Darasa la Tano mwaka huu, ukifika kwenye takwimu utatamani kuanza na rula, uwafundishe watoto kuchora mihimili. Usikimbilie huko. Kinachoamua kama somo litakwenda ni swali ambalo watoto wataulizana. Kabla hujaandika andalio la somo, likisie jibu lake: darasa hili litagawanyikaje?

Chukua swali linalopendwa sana, "Unakuja shuleni kwa njia gani?" Kijijini karibu wote watajibu kwa miguu. Grafu yako itakuwa na mhimili mmoja mrefu na vibutu viwili pembeni, na hakuna cha kulinganisha. "Unapenda tunda gani?" nalo lina yake: usipoweka orodha utapata majibu kumi na matano, na mwenye sauti kubwa akisema embe, nusu ya darasa nao watapenda embe. Maswali ya aina ya "Jana usiku mlikula nini?" yaache kabisa. Mtoto ataona aibu, atadanganya, na wenzake wakijua ukweli watamcheka.

Mimi hutumia hili: "Jana ulipofika nyumbani kutoka shuleni, kazi ya kwanza uliyofanya ni ipi?" Majibu yanakuwa matano: kuchota maji, kuosha vyombo, kumlea mdogo wake, kuhudumia mifugo, na nyingine. Aliyekwenda moja kwa moja kucheza mpira anaingia kwenye "nyingine", na mwambie hivyo mapema, la sivyo atakaa kimya na hatahesabiwa. Hapo "ya kwanza" ina kazi kubwa. Ukiiondoa, mtoto aliyechota maji kisha akaosha vyombo atahesabiwa mara mbili, jumla itazidi idadi ya watoto, na utakuwa umetupa njia rahisi kuliko zote ya kukagua jedwali.

Sasa ukusanyaji. Tuseme waliohudhuria ni 54. Ukimwachia kila mtoto azunguke kuwauliza wengine wote, kipindi cha dakika 40 kitaisha kwa kelele. Wagawe makundi sita ya watoto tisa tisa kufuata madawati. Kila kundi lina mkusanyaji mmoja mwenye karatasi iliyokwisha kuandikwa majibu matano. Kila mtu aandike jibu lake kwenye daftari kabla mkusanyaji hajaanza kuuliza. Hiyo ndiyo dawa ya kuigana. Mkusanyaji anapiga kijiti kimoja kwa kila jibu, na kijiti cha tano kinavikata vinne vilivyotangulia. Waonyeshe hili ubaoni polepole, kwa sababu wapo wanaosimamisha vijiti vitano ndipo wakate, na kifungu chao kinakuwa cha sita huku wao wakikihesabu tano.

Kabla kundi halijaleta karatasi mbele, lijumlishe. Lazima ipatikane 9. Likipata 8, uliza kwanza kama mkusanyaji amejihesabu mwenyewe, maana mara nyingi hajajihesabu. Likipata 10, yupo aliyejibu mara mbili au aliyehamia hapo kutoka dawati jingine. Tuseme ulipitiwa, ukapokea karatasi zote, na jumla ya ubaoni ikatoka 55. Huna haja ya kuuliza darasa zima upya. Rudi kwenye karatasi sita, utakuta kundi moja limeandika 3, 2, 2, 1 na 2. Hiyo ni 10, na kosa liko hapo hapo. Waachie watoto walitafute wenyewe. Dakika tano hizo zina faida kuliko grafu tatu za kunakili kitabuni.

Baada ya kusahihisha, jedwali la darasa likawa hivi: kuchota maji 17, kuosha vyombo 13, kumlea mdogo 8, mifugo 6, nyingine 10. Jumla 54. Liandike kwenye karatasi ya manila, kwa sababu ubao utafutwa na mwalimu wa kipindi kinachofuata na grafu ni kazi ya kesho. Kesho yake wakihudhuria 51, msibadilishe chochote. Grafu ni ya siku ile waliyoulizwa.

Kipindi cha pili kina mtego mmoja unaostahili muda kuliko mingine yote. Ukiwaambia watoto waandike namba kwenye mstari wa wima, baadhi watachukua namba za jedwali zilivyo na kuzipanga kutoka chini kwenda juu: 17, 13, 8, 6, 10, kwa nafasi zinazolingana. Kisha kila mhimili unafikia namba yake. Ukipita kati ya madawati utaigundua bila hata kusoma namba: mihimili inapanda kama ngazi, wa kwanza mfupi na wa mwisho mrefu, ilhali waliochota maji ndio wengi. Kumwambia mtoto "umekosea, futa" hakumsaidii. Muulize 9 ingekaa wapi kwenye mstari wake. Hataweza kuionyesha, na hapo ataanza kuona tatizo.

Njia ya kuuzuia mtego huu ni kuchora mistari miwili na kuweka namba kabla manila haijatundikwa. Wanaanza na 0 pale mistari inapokutana, kisha 2, 4, 6 hadi 18. Kwenye daftari lisilo na miraba, sentimita 1 iwakilishe watoto 2, hivyo milimita 5 ni mtoto mmoja. Maji yanafika sentimita 8.5, vyombo 6.5, mdogo 4, mifugo 3, nyingine 5. Mstari wa sentimita 9 unatosha, na ukurasa unabaki na nafasi ya kichwa cha grafu. Hizo 17 na 13 zinaangukia katikati ya namba zilizoandikwa, na watakuuliza "mwalimu, 17 haipo". Vizuri, wenzao wajibu. Namba ziandikwe mkabala na alama za rula, zisiwekwe kwenye nafasi kati ya alama na alama.

Upana wa mihimili na nafasi kati yake uwe sawa, sentimita 1 kwa 1 inatosha. Kupaka rangi kuwe kwa mwisho, kwa waliomaliza tu, maana rangi hula kipindi kizima.

Bakiza dakika kumi za kuisoma grafu. "Kazi gani imefanywa na wengi?" ni swali la kuanzia tu, hata asiyejua namba anaona mhimili mrefu. Waulize waliochota maji wamewazidi waliohudumia mifugo kwa wangapi, wakatoe 6 kwenye 17 wapate 11. Kisha andika ubaoni sentensi hii waamue kama grafu inaithibitisha: "Watoto 17 tu wa darasa letu ndio wanaochota maji nyumbani." Wengi watasema ndiyo. Subiri, atatokea mmoja wa kundi la vyombo atakayenyoosha mkono kusema naye jana alichota, ila baadaye.