ACOS ilishuka, vikapu vikakwama: kwa mnaoanza kusimamia matangazo ya Amazon

Wadogo zangu, wengi wenu mnaonifuata hapa Ngamiani kujifunza kazi hii mnafungua ukurasa wa matangazo na macho yanakimbilia tarakimu moja tu, ACOS. Ikiwa ndogo mnafurahi, ikiwa kubwa mnataka kuzima kampeni. Nami nilifanya hivyohivyo, na ilimgharimu mteja wangu miezi miwili ya biashara. Ni dada mmoja wa hapa Tanga anayeuza vikapu vya mkonge kwa wanunuzi wa Marekani, na amenikubalia niwaonyeshe hesabu zake.

Kwanza tuelewane maneno. Matangazo tunayozungumzia ni Sponsored Products, yale yanayoifanya bidhaa yako itokee mtu anapotafuta, nawe unalipa kila anapobofya.

```
ACOS  = gharama ya matangazo ÷ mauzo yaliyotokana na matangazo × 100
TACOS = gharama ya matangazo ÷ mauzo yote ya bidhaa × 100
```

Gharama ni ileile kote, kinachobadilika ni mauzo unayoigawia. ACOS ipo tayari kwenye ukurasa wa matangazo. TACOS unaikokotoa mwenyewe: gharama unaichukua kwenye ripoti ya matangazo, na mauzo yote unayachukua kwenye Business Reports, safu iliyoandikwa `Ordered Product Sales`. Hakikisha tarehe za ripoti zote mbili zinalingana.

Kikapu kimoja kinauzwa dola 30. Ukitoa ununuzi na usafirishaji, kamisheni ya Amazon, na ada ya kukihifadhi na kukipeleka kwa mnunuzi, kinabaki dola 10. Hiyo ni theluthi ya bei, yaani asilimia 33. Tarakimu hii ijue kabla hujagusa kampeni yoyote, kwa sababu ACOS ikivuka asilimia 33, kila kikapu kilichouzwa kwa tangazo kimekula zaidi ya faida yake.

Mwezi wa tatu matangazo yalikula dola 630 na kuleta mauzo ya dola 2,520. ACOS ikawa asilimia 25. Mauzo yote ya mwezi yalikuwa dola 4,200, kwa hiyo TACOS ilikuwa asilimia 15. Vikapu 140 viliondoka, 84 kwa matangazo na 56 vilivyojiuza vyenyewe, watu wakiviona kwenye matokeo ya kawaida bila sisi kulipia.

Nikafungua ripoti ya maneno ya utafutaji. Neno moja lilinikera, `sisal storage basket`. Peke yake lilikuwa limekula dola 342 na kuleta mauzo ya dola 900, ACOS asilimia 38. Vikapu 30, faida dola 300 kabla ya tangazo, gharama dola 342. Hasara ya dola 42 iko waziwazi. Mwanzoni mwa mwezi wa nne nikalizima.

Mwezi wa tano nilimpelekea dada ripoti nikiwa nimenyoosha shingo. Gharama dola 306, mauzo ya matangazo dola 1,530, ACOS asilimia 20. Aliitazama, akaniuliza swali moja tu: "Mdogo wangu, kama mambo ni mazuri hivi, mbona mzigo hautembei?"

Mauzo yote ya mwezi ule yalikuwa dola 1,800. Vikapu 60. TACOS ilikuwa imepanda hadi asilimia 17. Vilivyojiuza vyenyewe, kutoka 56, vilibaki 9. Faida baada ya matangazo ilishuka kutoka dola 770 hadi dola 294, na ripoti yangu ilikuwa inashangilia.

Lile neno nililolizima ndilo lililokuwa linaleta wanunuzi wapya, watu wasiomjua dada wala jina la bidhaa yake. Walibofya tangazo, wakanunua, na kila ununuzi kwa neno lile ulisaidia kikapu kukaa juu kwenye matokeo ya kawaida ya neno lilelile. Nilipozima, mauzo yalipungua, kikapu kikateremka kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa tatu, na huko ni wachache wanaofika. Niliokoa hasara ya dola 42 nikapoteza vikapu 47 vilivyokuwa havilipiwi tangazo hata senti.

Lakini msikimbilie kusema tangazo ndilo chanzo kila TACOS inapopanda. Kabla ya kulaumu, tulikagua mambo matatu: kama mzigo uliwahi kuisha ghalani, kama bei yetu au ya washindani ilibadilika, na kama kikapu kilishuka kwa neno lile tu au kwa maneno yote. Mzigo ulikuwepo, bei zilitulia, na kilikuwa kimeshuka kwa neno lile. Kingekuwa kimeshuka kote, ningetafuta sababu kwingine, kwa mfano maoni mabaya ya wanunuzi au msimu kupita.

Kitu ambacho natamani mkishike zaidi ni kuzisoma tarakimu hizi mbili kwa pamoja. Gawanya TACOS kwa ACOS. Mwezi wa tatu, 15 kwa 25 ni asilimia 60: kati ya kila vikapu 10, sita vilitegemea tangazo. Mwezi wa tano, 17 kwa 20 ni asilimia 85. Biashara ilikuwa imeanza kuegemea tangazo karibu kwa kila kitu, na ACOS peke yake haiwezi kukuonyesha hilo kwa sababu mauzo yanayokuja yenyewe hayamo ndani yake kabisa. Kwa bidhaa mpya hali hiyo ni ya kawaida, maana bado haionekani popote bila kulipia, na tarakimu mbili hizo hukaribiana. Bidhaa iliyokwisha kuuzwa mwaka mzima ikirudi huko, kuna kitu kimeharibika.

Kuhusu muda wa kusoma: kwa sisi wauzaji, Sponsored Products huhesabu mauzo yanayotokea ndani ya siku 7 tangu mtu abofye. Gharama inaingia leo, mauzo yanaweza kuja Alhamisi. Ndiyo maana ACOS ya siku mbili zilizopita huonekana mbaya kuliko ilivyo, na anayeanza, kwa hofu, hushusha dau, yaani kiasi anachokubali kulipa kwa kila mbofyo. Mimi nasoma wiki baada ya wiki nyingine kupita juu yake. Tena akaunti ya Marekani inahesabu siku kwa saa za pwani yao ya magharibi, hivyo siku yao huisha kwetu saa 4 asubuhi, au saa 5 wakati wa majira yao ya baridi. Ukifungua alfajiri ukaandika "mauzo ya jana", umeandika siku ambayo haijaisha.

Angalia pia kwamba mtu akibofya kikapu akanunua mkeka wako, mauzo ya mkeka yanaingia kwenye ACOS ya kampeni ya kikapu. Ripoti huyatenga kwenye `7 Day Other SKU Sales`. Kama safu hiyo ni nzito, kokotoa TACOS kwa kikapu na mkeka kwa pamoja.

Neno lile tulilirudisha mwezi wa sita, kwa dau la chini kidogo na kwenye kampeni yake yenyewe ili gharama yake isijifiche ndani ya nyingine. Ilichukua wiki tisa kikapu kurudi ukurasa wa kwanza. ACOS ya neno hilo bado iko juu ya asilimia 33, na dada anaijua sababu. Kila Jumatatu namtumia mstari mmoja: gharama, ACOS, TACOS, na idadi ya vikapu vilivyojiuza vyenyewe. Huanza kusoma kutoka mwisho.