Kutambulisha picha ya familia ya kuunganishwa: kipi kitangulie?

*Swali: Mama anatimiza miaka 70. Tumemwandalia picha moja kubwa ya familia. Tuko watu 14 katika nchi 5. Kila mmoja alipigwa alipo, kisha mpiga picha akatuunganisha. Nimepewa dakika 3 niitambulishe na kuinua glasi. Nianze na lipi? Niseme kwamba imeunganishwa? Picha ya kaka yangu ni ya zamani kidogo. Wengine watafuatilia kwa video.*

Funua kwanza, taja watu baadaye, glasi iwe ya mwisho. Kitambaa kikishaondoka, kwa sekunde 10 hadi 15 hakuna atakayekusikiliza, kila mtu anatafuta sura anayoijua. Wasemaji wengi huendelea kuongea palepale, na majina yanayomezwa ni yale ya mwanzo, ambayo mara nyingi ni ya wakubwa. Wewe nyamaza mpaka uone vichwa vinakugeukia tena. Wala usiwashikishe watu glasi kabla ya hapo, maana aliyeshika glasi hapigi makofi.

Kwamba imeunganishwa, liseme kabla ya kufunua. Ukichelewa, meza zitaanza kunong'ona, "Huyu alikuja lini?", na mnong'ono huo utakula ukimya wako. Sentensi moja yatosha: "Mama, watu utakaowaona hapa hawajasimama pamoja hata siku moja, kila mmoja alipigwa picha kwake."

Kisha chukua kitu kimoja tu kutoka kwenye utengenezaji wenyewe. Muulize mpiga picha aliwaelekeza nini. Kwa kawaida huwaambia wote kamera iwe kimo gani, mwanga wa dirisha utokee upande upi, na watazame wapi. Anayetakiwa kuonekana amemshika mwenzake huambiwa aegemeze mkono juu ya kiti chenye kimo cha bega. Hapo ndipo penye hotuba yako. Tuseme dada yenu ndiye aliyemshika mama. Picha ikishafunuliwa na watu wametulia, sema: "Mama, huo mkono wa dada ulioko begani kwako, siku ile ulikuwa umeshika kiti, na hicho kiti kiko jikoni kwake." Watu watarudi kuuangalia mkono ule, na mama ataelewa picha ilivyotengenezwa bila somo la programu na vivuli. Habari za kompyuta mwachie mpiga picha ajibu wakati wa chakula, kama yupo wa kumuuliza.

Majina sasa. Kwa mwendo wa kusikika vizuri ukumbini, hesabu kama maneno 100 kwa dakika. Ukitoa ukimya, makofi na glasi, dakika 3 zinakubakizia maneno kama 200 hivi. Ukimpa kila mtu sentensi ya maneno 10, watu 14 wamekula 140, na hujamsemea mama lolote. Kwa hiyo taja jina na nchi tu, safu ya nyuma kisha ya mbele. Usifuate ukubwa wa umri wala usiwapange kinchi, kwa sababu jicho la msikilizaji linatembea kwenye picha na jina lazima litembee nalo. Anzia kushoto kwa watazamaji. Ukisimama kando ya picha ukiwatazama wao, kushoto kwao ni kulia kwako, na hapa wengi huchanganya. Andika majina kwenye kadi kwa mpangilio uleule wa picha.

Usiache kutaja majina kwa kudhani picha inajieleza. Kwenye picha ya upana wa sentimita 90, watu saba kwa safu, uso wa mtu mmoja hauzidi sana kiberiti. Meza za nyuma hazitamtambua mtu. Kama ukumbi una projekta, picha itokee ukutani sekunde ileile kitambaa kinapoanguka.

Kuhusu kaka, litaje ukifika kwenye jina lake, kwa utani mwepesi: "Huyu ametutumia picha ya kabla ya mvi." Mwombe ruhusa kwanza. Ila kama nguo au mwanga wake umetofautiana na wengine, usiombe radhi. Ukiuonyesha kidole, ndio utakaoonekana mpaka mwisho wa sherehe.

Glasi iishie kwenye maneno mafupi ambayo watu wanaweza kuyarudia: "Kwa Mama, na wote waliomzunguka!" Wale wa kwenye video, kama ni simu ya kawaida ya video, watachelewa kidogo sana. Kama ni matangazo ya mubashara ya mtandaoni, wanaweza kuchelewa sekunde 10, 20 au zaidi, nanyi mtakuwa mmeshakunywa wao ndio wanasikia jina la mwisho. Wapigie kwa simu ya video, na uwaambie mapema wawe wameshainua glasi unapotaja jina la mwisho.