"wa" ndiyo inakuchosha, si "ny"

"Niko Goma, klavye yangu ni AZERTY. Nikiandika Kiswahili, kidole kidogo cha kushoto kinachoka haraka. Niongeze mazoezi ya ny?"

Hapana, yaya. Aliyekuambia ny ni ngumu amesema kweli nusu: n na y zinapigwa na kidole kimoja, cha shahada cha kulia, na kwenye "nyumba" kinabeba u pia. Lakini hicho kina nguvu. Ng na mb ndizo rahisi, mikono inapokezana.

Kwako shida ni "wa". Kwenye AZERTY w iko chini, a iko juu, zote za kidole kidogo cha kushoto, na Kiswahili kimejaa "wa". Andika polepole "watu wa Bukavu wanauza wali". Kiganja kisilale mezani. Mkono wote usogee juu kidogo, usivute kidole peke yake. Ukiona "wq" kwenye skrini, kidole hakijafika juu, punguza mwendo.

Mimi w naipiga na kidole cha pete. Mwalimu wangu hakukubali kabisa, na mpaka leo hatujapatana.

Kuhamia QWERTY? "Wa" itapata vidole viwili, ila huko "nyumba" inaanza na herufi nne mfululizo za shahada ya kulia.